Picha haijui kusema «kabla»

Katika kitivo chetu tunasikia mara nyingi kwamba mahali watu wasipojua kusoma, picha inatosha, kwa kuwa picha ni lugha ya wote. Hata watu wakubwa waliamini hivyo. Otto Neurath, kule Viyena katika miaka ya 1920, alijenga mfumo mzima wa alama za picha kwa tumaini kwamba zitavuka mipaka ya lugha. Mimi ninasoma lugha za Kiafrika, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisaidia kutengeneza mchoro wa kunawa mikono kwa ukuta wa kituo cha afya cha kijiji kimoja kando ya Luapula, katika teritwari ya Kasenga. Kazi hiyo imenipa maoni mengine. Picha ina sarufi yake, na sarufi hiyo ina mapengo. Kazi ya maneno machache yanayoandikwa chini ya picha ni kuziba mapengo hayo, basi. Yakirudia kile ambacho jicho limekwisha kuona, yanachukua nafasi bure.

Kule Kasenga, Kilwa na Pweto jambo hili si la darasani. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara kwenye fukwe za Luapula na ziwa Mwelu, na mikono iliyotoka choo bila sabuni ni njia yake mojawapo. Mtu akitazama ukuta asielewe, hakuna mtihani wa kurudia.

Nianze na karatasi iliyokuwa pale kabla yetu. Ilikuwa nakala ya tangazo la Shirika la Afya Duniani, lile linalojulikana katika vituo vingi: picha 12 zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 11, na kazi yote inatakiwa kuchukua sekunde 40 hadi 60. Si tangazo baya. Hatua zake za kusugua zinatokana na mbinu ambayo Ayliffe na wenzake walieleza mwaka 1978 kwa ajili ya wauguzi wa hospitali, watu ambao lazima wafikie kila upande wa kila kidole kabla ya kumgusa mgonjwa. Lakini mama aliyemleta mtoto mwenye homa si muuguzi wa chumba cha upasuaji. Picha ya 9 inamwambia akauke kwa karatasi ya kutumia mara moja, na ya 10 afunge bomba kwa karatasi hiyohiyo. Pale kuna bido ya lita 20 yenye robine ndogo ya plastiki. Karatasi hakuna, na bomba la ukutani hakuna. Maandishi ni ya Kifaransa, yenye herufi ambazo kutoka kwenye benchi la kungojea huwezi hata kujua kama ni herufi.

Watu walikuwa wanaona nini basi? Muuguzi mkuu aliniruhusu kuwauliza waliokuwa wakingoja. Nilijifunza mapema kwamba swali «Unaelewa?» halina faida, kwa sababu kila mtu mwenye adabu atajibu ndiyo. Swali linalofaa ni «Huyu anafanya nini?», kisha unanyamaza na kungoja. Nitaeleza majibu matatu, kwa kuwa kila moja linaonyesha pengo lake.

Jibu la kwanza lilikuwa swali: «Hii mikono ni ya nani?» Tangazo lile linaonyesha mikono mitupu, imekatwa kwenye kifundo, bila mwili. Aliyezoea vitabu vya shule anajua kwamba mchoraji amesogea karibu. Asiyezoea anaona mikono iliyokatwa. Katika nchi yetu picha za mikono iliyokatwa zina historia tunayoijua sote, tangu wakati wa mpira wa Leopoldi. Dawa yake ni rahisi: mchore mtu mzima, kwa kitenge chake na mtoto wake mgongoni, na mikono iwe mikubwa kidogo kupita kawaida. Picha inapata mwenyewe wa mikono, kama vile sentensi inavyopata kiima.

Jibu la pili lilihusu picha ya viganja viwili vilivyokutana. «Anasalimia.» «Anaomba Mungu.» Mzee mmoja alisema: «Anamwamkia mfalme.» Wote walikuwa na haki. Kwa Babemba na Balunda wa Luapula, kupiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa ni heshima kwa mkubwa, na picha iliyosimama haiwezi kuonyesha kama mikono inasuguana, inapiga makofi au imetulia tu. Mwendo ni kitenzi, na picha haina kitenzi. Ina umbo tu, ambalo mtazamaji analipa kitenzi kutoka maisha yake mwenyewe. Kwa hiyo tuliacha viganja vilivyokutana. Tulichukua hatua nyingine ya mbinu ileile, kiganja cha mkono mmoja juu ya mgongo wa mkono mwingine, vidole vikipishana, povu jeupe likifunika vyote na matone yakianguka. Hakuna anayesalimia wala kusali hivyo, na povu lile linasema sabuni bila neno.

Jibu la tatu lilihusu mpangilio. Mwaka 1976 ripoti ya utafiti uliofanywa na UNICEF vijijini Nepali ilionyesha kwamba watu wasiosoma hawakuziona picha zilizopangwa mstari mmoja kama hadithi, wala hawakuanza lazima kutoka kushoto. Kwetu ilikuwa vilevile. Wengine walianza na picha iliyo karibu na mlango walioingilia. Mishale kati ya picha ilionwa kuwa mikuki au vijiti. Kushoto kwenda kulia ni tabia ya kusoma, na aliyeikosa shule ameikosa pia tabia hiyo.

Hapo mchoraji wetu, anayepata mkate wake kwa kuchora vibao vya maduka Lubumbashi, alitoa wazo ambalo sikulipata katika kitabu chochote. Kati ya choo cha kituo na bido ya maji kuna ukuta wa hatua chache. Alisema: tusiweke picha zote mahali pamoja, tuzitawanye njiani. Anayetoka choo akutane na ya kwanza, akitembea akutane na ya pili, na ya mwisho iwe juu ya bido yenyewe. Hivyo mwelekeo wa kutembea unakuwa mwelekeo wa kusoma. Pamoja na hayo tulitia namba 1 hadi 4, kubwa, kwa kuwa hata asiyesoma anazijua namba kutokana na pesa za sokoni.

Sasa nije kwenye maneno, ambako sisi wa lugha tunaitwa mwishoni kabisa, wakati picha zimekwisha chorwa, tuambiwe: «Tafsirini hii.»

Pengo kubwa la picha ni wakati. Chora mwanamke anayenawa na sahani ya bukari pembeni. Je, anakwenda kula au amemaliza? Picha haina «kabla» wala «baada», haina «kama», haina «usifanye». Msalaba mwekundu juu ya picha ili kukanusha ni alama ya shule na ya barabara za mji; kwenye ukuta wa kituo cha afya, msalaba mwekundu kwa wengi ni alama ya dawa. Ndiyo maana hatukuchora hata tendo moja lililokatazwa.

Basi neno la wakati lazima liandikwe. Lakini lipi? Kiswahili sanifu kinasema «kabla ya kula» na «baada ya choo». Kijijini nilisikia «mbele ya kula» na «nyuma ya choo», jinsi tunavyosema wengi wetu hapa Kongo. Andika «Nawa mikono nyuma ya choo», na muuguzi aliyesomea Kiswahili cha vitabu atakwenda kutafuta maji nyuma ya kibanda. «Mbele ya chakula» nayo inaweza kumfanya mtu anawe akiitazama sahani. Ukiandika «baada», watu wa redio watakuelewa, lakini bibi wa kijijini hatakuelewa kwa haraka. Tulitoka kwenye mtego huo kwa kuacha vihusishi vyote na kushika kitenzi chenye -ki-: «Tukitoka choo». Umbo hilo linajulikana Kasenga, Lubumbashi, hata Zanzibari, na linabeba wakati ndani ya neno moja. Kama kungekuwa na kibao cha pili, pale jamaa za wagonjwa wanapokula, kingesema «Tukitaka kula». Kwenye njia ya choo hakina kazi. Wenye miradi hupenda kurundika nyakati zote tano pamoja, yaani kutoka choo, kumsafisha mtoto, kupika, kula na kulisha. Lakini mtu amesimama mahali pamoja na anataka kujua la mahali hapo tu.

Mtauliza kwa nini «tukitoka» na si «ukitoka». Ni suala la heshima. Amri tupu, «Nawa mikono!», ni sauti ya mama kwa mtoto. Katika Kibemba mtu hasemi «samba» kwa mkubwa wake, atasema «sambeni», kwa wingi wa heshima. Mzee anayesomewa ukutani «Nawa!» anasikia kwamba ukuta unamdharau, hata kama hasemi. «Kunawa mikono» ni jina la tendo, haimwiti mtu. Tulijaribu «Tunawe mikono» na ikakubaliwa, kwa sababu inamhusisha pia muuguzi, na wagonjwa waliona vizuri kwamba muuguzi naye anatoka choo. Wenzangu wa mofolojia watacheka kwamba «tunawe» inaweza kusomwa «tu nawe», tuko pamoja na wewe. Neno «mikono» linaondoa utata huo mara moja, na nafikiri hata utata wenyewe si mbaya.

Kitenzi nacho kinahitaji uangalifu. Kiswahili kinafua nguo, kinaosha vyombo, kinaoga mwili na kinanawa mikono na uso. Katika mabango mengi ya miradi naona «osha mikono», kana kwamba mikono ni sufuria. Inaeleweka, sikatai, lakini «nawa» ndilo neno la mezani, lile mtu analolisikia nyumbani sahani ikiletwa. Kwa Kibemba wanasema «ukusamba ku minwe», na minwe ni vidole. Sitaki kusema kwamba neno ndilo linalofanya watu wamwagie maji ncha za vidole vya kuume tu kabla ya bukari. Wako wengi wanaosema «mikono» na kufanya hivyohivyo. Lakini tulijua kwamba neno halitamfikisha mtu kwenye kifundo, kwa hiyo picha ndiyo ilipewa kazi ya kuonyesha povu mpaka kifundoni, mikono yote miwili. Vilevile tulichora maji yanayoanguka kutoka robine, si beseni moja ambamo familia nzima inachovya mikono kwa zamu.

Kuna suala la tahajia. Wasomaji wengi wa kijijini wanasoma silabi kwa silabi, kwa sauti. Neno «mkono» linawasimamisha, kwa kuwa midomo yao inasema «mukono» na m hiyo haina irabu. Je, tuandike kama shule au kama kinywa? Hapa Katanga swali hili ni la zamani. André Yav na wenzake walipoandika historia ya mji wa Elizabethville mwaka 1965, waliandika Kiswahili chao jinsi walivyokisikia, si cha shule. Lakini kwenye ukuta si lazima kuchagua upande. Inatosha kutafuta maneno ambayo pande zote mbili zinayaandika sawa: mikono, sabuni, choo, sugua. Wingi «mikono» unatuokoa kutoka «mkono» na «mukono» kwa pamoja.

Limebaki pengo la mwisho, yaani muda. Sabuni inahitaji kusuguliwa kwa sekunde 20 hivi, na picha haiwezi kuchora sekunde. Saa ya ukutani hakuna. Njia ya kawaida ni kuhesabu mpaka 20, na wengi wanaona jambo limekwisha. Lakini kuhesabu kwa lugha gani? Nilihesabu silabi. Kwa Kifaransa, kutoka moja hadi ishirini ni silabi kama 24. Kwa Kiswahili ni 69, kwa sababu kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa kila namba ina silabi tano. Mwanafunzi anayehesabu kwa Kifaransa, jinsi wengi wetu tunavyohesabu pesa, anamaliza katika sekunde nane au tisa. Anayehesabu kwa Kiswahili bila haraka anakaribia ishirini kwelikweli. Alama «20» peke yake inamwacha kila mtu achague lugha yake, na mwenye haraka atachagua fupi. Kwa hiyo tuliandika kwa herufi: «Tusugue. Moja… mpaka ishirini.» Watoto ndio wa kwanza kuanza kuhesabu kwa sauti, nao wanawalazimisha mama zao kungoja.

Ukuta unasomeka hivi sasa. Juu, kichwa: «Tunawe mikono». Picha ya 1, mama anafungua mlango wa choo: «Tukitoka choo». Picha ya 2, maji ya robine na kipande cha sabuni mkononi: «Sabuni». Picha ya 3, povu na vidole vinavyopishana: «Tusugue. Moja… mpaka ishirini.» Picha ya 4, maji yanaanguka juu ya mikono na povu linaondoka. Chini yake hakuna neno. Tulikuwa na «suuza», lakini kila niliyemuuliza alikuwa na neno lingine la tendo hilo, na picha ilieleweka na wote. Mahali picha inaposema vizuri, tunyamaze. Jumla ni maneno tisa, kwa herufi za sentimita tatu, ambazo tulihakikisha zinasomeka kutoka kwenye benchi. Ni rangi ya mafuta moja kwa moja ukutani, kwa kuwa karatasi iliyochapwa hupauka juani, na nyekundu na njano hutangulia kuondoka, hata mchoro mzima ukabaki buluu.

Mipaka ipo. Mchoro hautoi maji, na siku bido ikiwa tupu maneno tisa ni dhihaka. Sabuni ilikuwa inapotea; sasa inaning’inia katika kipande cha wavu wa samaki, na mkuu wa kituo ameweka jina la anayejaza bido kila asubuhi. Wala sitasema kwamba watu wananawa kwa sababu wameelewa. Kuelewa kunapimwa kwa swali «Huyu anafanya nini?», kunawa kunapimwa kwa kukaa karibu na choo bila kuonekana unahesabu, na kwa kuangalia sabuni inavyopungua. Ni vipimo viwili tofauti, na ripoti nyingi zinavichanganya.

Ninachodai ni kidogo. Mwenye lugha asiitwe mwishoni kutafsiri. Akae na mchoraji na muuguzi siku ya kwanza, kabla ya penseli, aulize kila picha: nani anafanya, anafanya nini, lini, na kwa muda gani? Majibu ambayo picha haina, hayo ndiyo maandishi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotafuta mada ya kazi yao wanaweza kuchukua tangazo moja lolote la kituo cha afya karibu na nyumbani na kuuliza watu kumi wanaliona nini. Mwenzangu mmoja ameanza na lile la chandarua. Picha ya kwanza, wengi wameiita nyavu ya kuvulia samaki.